Mjomba Anamudu

Barua ilisema nimenyimwa ufadhili kwa sababu mlezi wangu anamudu ada yote ya stashahada ya maabara. Mlezi wangu ni mjomba, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Sehemu ya kipato kwenye fomu ya maombi aliijaza mwenyewe, kwa kalamu nene, mbele ya wateja.

Nikamfuata dukani na barua yangu.

"Mjomba, kweli unamudu?"

"Ulitaka nijiandike fukara? Watu wanionaje?"

"Basi nidhamini nipate mkopo. Wanataka saini yako tu."

Akaacha kupima misumari. "Ukishindwa kulipa watanijia mimi. Nitatoa wapi? Duka lenyewe liko hoi."

"Waandikie hivyo hivyo. Rufaa mwisho Ijumaa. Mstari mmoja tu: sina uwezo."

Akawatupia jicho wateja wawili waliojifanya wanachagua rangi. "Huna adabu! Katafute kibarua usome jioni, kama wenzako."

Ijumaa ikapita, hakuandika hata nukta.

Nikamsikiliza. Jumatatu nilianza kibarua cha asubuhi kwenye duka la mshindani wake, ng'ambo ya barabara. Jioni nasoma. Stashahada ya miaka miwili sasa itanichukua minne.

Wateja wanaonijua huuliza imekuwaje mpwa wa tajiri anashika ufagio. Simung'unyi maneno. Natoa nakala ya ile fomu, nawasomea mwandiko wa mjomba, kisha nawaonyesha duka lake kwa kidole.

"Mkitaka saruji ya mkopo, nendeni pale. Anamudu."