Siku Kumi na Tano za Mama Marguerite

Aibu hii niliiandika mwenyewe, kwa kalamu ya bluu, kisha nikaipiga fotokopi arobaini. Wala hakuna aliyenilazimisha. Kaka yangu Mahamudu, mwenye depo yetu hapa Kasongo, alisema tu tuwape wateja wa mkopo sababu ya kulipa haraka, mimi nikachukua karatasi. Mimi ndiye Soraya wa maandishi. Hata barua za posa za mtaa huu zimepita mikononi mwangu, kwa hiyo nilijiona.

Niliandika hivi: "Punguzo mpaka 5% kwa atakayelipa mapema. Siku 15." Chini nikapiga kashe, muhuri wa depo, na kuchora ua dogo. Ua lilitoka vizuri kuliko maneno.

Mama Marguerite ana duka Salamabila, karibu na wachimbaji wa dhahabu. Miaka sita tunampelekea sabuni, chumvi na sukari kwa pikipiki, naye hajawahi kutuchelewesha hata siku moja. Mwezi ule fakitire yake, yaani ankara ya mzigo, niliitoa Jumatatu tarehe tatu: bidhaa dola mia sita, usafiri dola themanini. Karatasi yangu yenye ua niliibandika juu yake.

Tarehe ishirini na nne akaingia depo, tope mpaka magotini, amelala njiani usiku mmoja. Akahesabu dola mia sita na hamsini mezani.

"Mama, iko wapi thelathini?" nikamuuliza.

"Ni punguzo yenu, dada. Tano kwa mia ya mia sita."

"Siku kumi na tano ziliisha tarehe kumi na nane."

Akaniangalia. "Muzigo ilifika kwangu tarehe kumi na mbili. Daraja ilikuwa imevunjika. Siye kule tunahesabu tangu siku kamba ya muzigo inafunguliwa."

Depo ilikuwa imejaa. Mama Anastasie, anayeuza vitenge mlangoni petu, alikuwa kwenye kiti chake, na Gédéon wa mafuta, na watu wa pikipiki wakisubiri mizigo. Ningeweza kumvuta pembeni. Ningeweza kunyamaza nikamwita Mahamudu. Lakini mimi nikikasirika ulimi wangu haungoji ruhusa.

"Mama," nikasema kwa sauti, "karatasi inasomwa, haikisiwi. Punguzo unaona, siku hauone?"

Mama Anastasie akacheka. Wengine wakacheka kwa sababu yeye alicheka. Mama Marguerite alipekua mkoba, akakuta dola nne, halafu akamgeukia Chadrack, kijana wa pikipiki aliyemleta, akamkopa ishirini na sita. Mwanamke wa umri wa mama yangu anakopa kwa dereva wake mbele ya watu. Nilipokea zile noti na kuzinyoosha moja moja. Nilijisikia nimeshinda, na mpaka leo hicho ndicho kinachonichoma zaidi.

Jioni Mahamudu aliporudi nilimsimulia kama mtu anayesubiri sifa. Hakunisifu. Alichukua karatasi yangu, akatoka nayo barazani, akawapa watu watatu mmoja mmoja: jirani yetu Nourdine, Chadrack, na Djamila binti yangu. Aliwauliza swali moja tu, kwamba fakitire ni ya tarehe tatu, mzigo umefika tarehe kumi na mbili, punguzo linakwisha lini, na ni kiasi gani.

Nourdine alisema tarehe kumi na nane, na kwamba tunaweza kumpa moja kwa mia, kwa sababu "mpaka tano" si tano. Chadrack alisema tarehe ishirini na saba, tano kwa mia ya kila kitu hata usafiri. Djamila alisoma mara mbili, akasema, "Mama, haiko hapa. Haikuandikwa."

Mahamudu akanirudishia karatasi. "Yule mama alisoma, Soraya. Ni weye haukuandika."

Usiku huo sikula. Nilikuwa najua kabisa nilichomaanisha, ndiyo maana sikuona kwamba hakimo kwenye karatasi. Nililia kwa hasira kwanza, nikimlaumu Mahamudu, nikilaumu daraja, kisha nikabaki na mimi mwenyewe tu, sina wa kumlaumu.

Asubuhi nilianza upya. Niliondoa "mpaka", kwa sababu tulikuwa tunawapa wote tano. Niliondoa "mapema". Niliondoa hesabu ya siku, nikaacha nafasi ya kuandika tarehe yenyewe kwenye kila fakitire, kwa jina la siku, ili asiwepo wa kuhesabu tangu kamba wala tangu kalamu. Mahamudu alikubali mwisho uwe mbali zaidi kwa watu wa Salamabila, maana njia tunaijua. Kila rasimu nilimpa Djamila aniulize maswali ya ujeuri. "Nikituma pesa kwa simu?" "Nikilipa nusu?" "Siku yenyewe ya mwisho imo ama haimo?" Rasimu ya nne ndiyo iliyomnyamazisha:

"Punguzo ni 5% ya bei ya bidhaa. Usafiri haupunguzwi. Utalipata ukilipa fakitire yote kwa mara moja, na pesa zikatufikia, mkononi hapa depo au kwenye simu ya depo, kabla ya saa kumi jioni ya siku hii: ......... Siku hiyo imo. Tarehe ya kutuma haihesabiki, inahesabika ya kutufikia. Ukilipa nusu, au ukichelewa, hakuna punguzo. Tarehe haisogei hata njia ikiharibika, ila tukiiandika upya na kupiga kashe. Mfano: bidhaa dola 600, usafiri dola 80. Kwa wakati: dola 650. Baadaye: dola 680."

Ua sikuchora.

Mwezi uliofuata Mama Marguerite alikuja na pesa taslimu. Aliomba mifuko miwili tu ya chumvi, yeye aliyekuwa akijaza pikipiki tatu. Nilimpa bahasha yenye dola thelathini na karatasi mpya, nikasema kwa sauti ndogo, "Mama, unisamehe. Kosa lilikuwa langu."

Alisoma karatasi polepole, midomo ikicheza. Depo ilikuwa imejaa tena, na Mama Anastasie alikuwa palepale kwenye kiti chake.

"Iko muzuri," akasema. "Lakini haiyaisha. Kule Salamabila wanasema mulibadilisha karatasi juu ya Marguerite, mutu wa kukawia kulipa. Wenye maduka wengine hawanikopeshe tena. Karatasi yako inasema yote, ila hiyo haisemi."

Nilijua anachotaka. Nilimdhalilisha kwa sauti kubwa, naye hakutaka samahani ya kunong'ona.

Nilichukua karatasi mpya tuliyokuwa tumeibandika ukutani, nikaandika chini yake: "Karatasi ya kwanza iliandikwa vibaya na Soraya. Mama Marguerite wa Salamabila aliisoma sawasawa. Alilipa kwa wakati." Nikapiga kashe. Kisha nikasimama, nikaisoma kwa sauti ileile niliyotumia siku ile. Uso uliniwaka. Mama Anastasie aliinamia vitenge vyake. Hakuna aliyecheka.

Mama Marguerite alihesabu dola ishirini na sita, akampa Chadrack aliyekuwa amemleta tena, zilizobaki akafunga kwenye ncha ya kitenge.

"Sasa uniandikie fakitire," akasema. "Pikipiki tatu."

Niliandika. Nilipofika kwenye nafasi ya tarehe, aliniambia niisome. Nikasoma: Alhamisi, tarehe ishirini na saba. Akaniambia nirudie, watu wasikie. Nikarudia.