Crianza ya Mzee Kithaka

Celina Kithaka alikuwa hodari wa kuwaambia watu wasingoje. Ndiyo iliyokuwa kazi yake, na katika duka lile la vileo karibu na uwanja wa Kinoru, mjini Meru, hakuna aliyeifanya vizuri kumshinda. Mtu akiingia na hela zake akitaka chupa ya kwenda kuficha kabatini, Celina alimketisha kwenye kiti cha plastiki akamfundisha hadi anatoka akitafuta kizibuo.

Jumanne ile mwanafunzi wake alikuwa Mwalimu Mutuma, mtu wa suti ya kahawia aliyenunua mvinyo kila shule zinapofungwa. Alikuwa ameshika chupa tatu za Rioja kifuani, zote nyekundu, zote kutoka Uhispania.

"Madam, hii ya gran reserva ndiyo kubwa yao, sivyo? Basi nikiiweka hadi msichana wangu amalize chuo, miaka minne, itakuwa moto wa kuotea mbali."

"Itakuwa mzee, mwalimu," Celina alisema, akizipanga chupa kaunta moja baada ya nyingine. "Hayo maneno hayakwambii wewe ungoje. Yanakwambia mwenye shamba alingoja. Hii crianza haikutoka kwao kabla ya miaka miwili, na katika hiyo, angalau mmoja ililala kwenye pipa la mwaloni. Reserva, mitatu. Gran reserva, mitano, miwili ikiwa ni ya pipa. Kungoja kumeshafanywa. Wewe umeuziwa chupa na subira yake ndani."

"Na hilo pipa linafanya nini huko ndani?"

Hapo ndipo Celina alipopapenda. Alimweleza kwamba mti unapumua. Hewa kidogo sana hupenya mbao, na ule ukakasi unaokausha ulimi hulainika polepole. Mwaloni nao hutoa vyake: harufu ya vanila, ya nazi, ya karafuu, wakati mwingine ya moshi. Tunda hupungua ukali, mti huongezeka. Ndiyo maana crianza bado ina utamu wa matunda meusi mdomoni, na gran reserva inanukia ngozi na majani makavu.

"Kwa hivyo kubwa si tamu zaidi?"

"Ni tofauti. Kama unapenda tunda, usilipie mti. Gran reserva nzuri inaweza kukaa miaka, sikatai, lakini mahali pa baridi na giza, si juu ya kabati lako chini ya mabati. Crianza ndiyo hata usiifikirie. Ifungue wiki hii, na watu unaowapenda."

Mwalimu Mutuma alinunua crianza. Alikuwa bado mlangoni simu ya Celina ilipolia. Alikuwa Kivuti, kakake, kutoka kwao Kiambere, na hakuanza kwa salamu. Baba yao alikuwa amefariki asubuhi.

Celina aliketi kwenye kile kiti cha plastiki. Kitu cha kwanza kilichomjia, na atakionea aibu hadi kaburini, hakikuwa uso wa baba yake. Ilikuwa chupa.

Alikuwa amempelekea Desemba ya mwaka wa 2019, kwa mshahara wake wa kwanza. Crianza, zabibu za mwaka wa 2016. Mzee Kithaka alikuwa fundi wa mitambo kwenye bwawa la umeme la Kiambere, amestaafu, mtu wa kufuata maagizo neno kwa neno, na mvinyo alikuwa ameuona mikononi mwa padri tu. Aliigeuza ile chupa kama mtoto mchanga. Akataka waifungue papo hapo, wakae hadi jioni, amsikie bintiye akieleza kazi yake mpya. Lakini Celina alikuwa na haraka ya kurudi Meru, dukani ni Krismasi, na kufungua chupa ni kuketi. Akasema neno la kwanza lililomjia.

"Bado, baba. Hii ni ya kuwekwa. Acha ilale ikomae, mahali pa giza na baridi, Pasaka nikija tutaifungua."

Pasaka hakwenda. Alipokwenda baadaye, ilikuwa kwa saa mbili, na mzee aliuliza, na Celina akasema bado. Ilikuwa rahisi mno. Miaka sita alimpaka baba yake mafuta kwa mgongo wa chupa, tena chupa aliyomnunulia mwenyewe. Wageni wa Meru, watu asiowajua hata majina, aliwapa ukweli wote wa kazi yake. Aliyemlipia karo alimpa "bado". Kutoka Meru hadi Kiambere si safari ya kumfanya mtu aage watoto. Ukitoka asubuhi, chakula cha mchana unakula kwenu.

Walimzika Jumamosi. Jumatatu waombolezaji wakawa wametawanyika, mahema yamerudishwa, Kivuti ameenda kuangalia mbuzi. Alasiri mamake, Marcella, alimshika Celina mkono na kumpeleka nyuma ya ghala.

"Njoo uone kazi ya baba yako."

Chini ya kivuli cha ghala palikuwa na shimo la kina cha mkono mzima, limefunikwa kwa mbao na magunia mawili. Magunia yalikuwa mabichi. Mama aliyaondoa, akatoa mchanga kwa viganja, na chupa ikaonekana, imelala ubavu, imefungwa kwa shati kuukuu la kazi.

"Ulimwambia ilale, mahali pa giza, pa baridi," mama alisema. "Sasa baridi utaitoa wapi hapa kwetu? Akachimba. Kila asubuhi na kila jioni alimwagia magunia maji. Hata ule mwaka wa kiangazi, tulipokuwa tunapima maji ya kupikia kwa kikombe, hilo shimo lilipata lake. Tuligombana, mimi na yeye. Akasema, ni ya Celina, haijawa tayari. Alipougua nikamwagia mimi."

Celina aliipangusa mchanga kwa lile shati la kazi.

Walikwenda nayo barazani. Mama alileta glasi mbili za kabatini, zile za wageni, akazipangusa kwa kanga, halafu hakuketi. Alisimama ameishika ile chupa shingoni.

"Kuna jambo nataka uniambie, wewe ndiye unayejua hivi vitu. Siku tatu kabla hajatuacha alikuwa na nguvu kidogo. Akaniambia, Marcella, nifungulie ile chupa nionje tu. Ilikuwa Jumamosi, ile uliyosema utakuja."

Jumamosi ile mzigo mpya ulikuwa umeingia dukani. Celina alikuwa amepiga simu akasema wiki ijayo.

"Nikamkatalia," mama alisema. "Nikamwambia, miaka yote umengoja, usiiharibu sasa. Celina alisema bado. Akageukia ukuta. Tangu hapo silali. Kwa hivyo niambie. Nilifanya vyema?"

Alikuwa anamtazama usoni, macho mekundu ya siku nyingi, na Celina aliona wazi kwamba mama anasimama au anaanguka kwa jibu hilo. Ukweli alikuwa nao mdomoni. Chupa hii ilikuwa tayari siku niliyoileta, mama. Ilikuwa tayari hata kabla sijainunua. Lakini kuusema ni kumwambia mwanamke huyu kwamba alimnyima mumewe funda la mwisho bure.

"Ulifanya vyema, mama. Ilikuwa bado."

Kizibo kilikatika katikati. Celina alikitoa vipande vipande. Mvinyo ulitoka umefifia, ukingo wake una rangi ya tofali. Celina alinusa kwa mazoea ya kazi. Haukuwa siki, na hilo lilimshangaza, kwa joto la Kiambere ungekuwa umepikika kabisa mwaka wa kwanza. Maji ya mzee yaliuokoa na hilo. Lakini tunda lilikuwa limekwenda. Palibaki mti mtupu, vanila iliyochakaa, majani makavu, kisha ukavu mdomoni na kitu kichungu kidogo mwishoni.

Mama alionja, akakunja uso, akajilazimisha kumeza.

"Hivi ndivyo inavyokuwa ikiiva?"

"Ndivyo."

"Basi ni sawa," mama alisema, akaimaliza yote, polepole, kwa heshima, kama mtu anayekunywa dawa. Celina naye alimaliza yake. Hajawahi kumeza kitu kigumu zaidi ya hicho.

Siku ya kuondoka, mama alimsindikiza hadi langoni. "Niletee nyingine," alisema. "Shimo lipo. Nitakuwa na kitu cha kumwagilia."

Celina alilia barabara nzima, na hakujali nani anamwona.

Alirudi baada ya wiki tatu, si kwa saa mbili. Alikuwa ameomba siku tano, na mwenye duka alipoguna alimwacha agune. Begini alikuwa na chupa moja. Haikuwa crianza wala reserva. Ilikuwa joven, mvinyo wa zabibu za mwaka jana, usioonja pipa hata siku moja, wa bei ya chini kwenye rafu ya chini. Mama aliipokea kwa mikono miwili akaanza kuelekea nyuma ya ghala.

"Hapana, mama. Hii haiwekwi. Hii ni ya leo."

Alikifungua kifuniko kabla hata hajavua viatu. Rangi ilikuwa zambarau, mbichi, na harufu ilijaa baraza, ya zambarau zilizoiva na matunda ya mwituni. Mama alinusa, akaonja. Akaonja tena. Uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akacheka kidogo.

"Huu ni mtamu! Una matunda ndani."

"Ndiyo hivyo ukiwa mchanga."

Kisha kicheko kikafa. Mama aliiteremsha glasi juu ya goti lake. Alitazama upande wa ghala, akaitazama chupa, akamtazama bintiye, na Celina alijua kinachokuja na hakuwa na mahali pa kukimbilia.

"Ile ya baba yako. Siku ulipoileta, ilikuwa na matunda ndani?"

Angeweza kusema ile ilikuwa aina nyingine. Ingekuwa hata kweli nusu.

"Ilikuwa nayo, mama. Ilikuwa tayari siku hiyo. Nilisema bado kwa sababu nilitaka kuondoka."

Kuku walikuja hadi miguuni pa mama wakaenda zao. Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yatiririke.

"Kwa hivyo nilimnyima bure."

"Si wewe uliyemnyima. Ni mimi."

Mama hakukubali, wala hakukataa, wala hakumwambia amemsamehe. Alijifuta uso kwa pindo la kanga. Kisha akanyoosha mkono na glasi yake iliyobaki nusu.

"Ongeza," alisema. "Na uketi."