Njano ya Pembeni

Kompyuta haijui msiba. Yasinta alipoiagiza itoe rangi tano kwenye picha ya shamba la mpunga la Bahi, ilimletea kijani tatu na kahawia mbili, maana yenyewe hufuata kilicho kingi. Kilemba cha njano cha mama yake, aliyesimama pembeni, kilikuwa kidogo mno. Akaichukua njano hiyo kwa mkono, akaiweka kwenye vichwa vya habari vya brosha tu, ichangamshe kijani bila kuimeza. Ilikaa vizuri. Yeye hakuhisi chochote. Tangu wamzike mama, wiki ya tatu sasa, alikuwa kama gogo.

Simu ikaita. Alikuwa katibu wa ushirika wa wakulima, wenye brosha hiyo.

“Pole tena, mwanangu. Marehemu mtoe kwenye picha, watu watashtuka.”

“Sawa, baba.”

Akaikata picha pembeni. Mama akatoka.

Jioni bosi wake, Raphael, akaipitia kazi.

“Kijani naiona, udongo nauona. Hii njano umeitoa wapi? Si tulikubaliana rangi zote zitoke kwenye picha?”

Yasinta akaweka kidole kwenye ukingo wa picha, pale alipoikata.

“Ilikuwemo,” akasema.