Onyo la Mwisho kwa Fundi Sofa

Mimi sina simile. Shangazi anasema nilizaliwa huku nagomba, na sikatai. Kwa hiyo mpangaji wake wa chumba cha mwisho, yule tunayemwita Fundi Sofa, alipofikisha miezi mitatu bila kulipa kodi, niliandika barua jinsi moyo ulivyonituma: "Lipa kesho, la sivyo utakuta vyombo vyako nje na kufuli mlangoni." Nikaichapa kwa herufi kubwa, nikampelekea shangazi aweke saini.

Alivaa miwani, akasoma, akaivua.

"Hii siweki saini, mwanangu. Mtu mzima huyu, ana watoto."

"Na wewe una mkopo, shangazi!"

Vyumba vile sita alivijenga kwa mkopo wa benki, na bila kodi ya vyote sita marejesho hayatimii. Alishakosa mawili. Akikosa la tatu, benki inaleta dalali aiuze nyumba, na yeye mwenyewe anaishi humo humo. Mimi roho ilikuwa juu kila simu yake ilipolia.

"Lakini tumeshamkumbusha mara mbili," shangazi akasema.

Nikaomba nakala. Lo! Rasimu za ukumbusho nilizomwandikia alizitupa, akaandika zake kwa mkono: "Habari za siku, baba. Vipi watoto? Ukijaliwa, na kama hutaona vibaya, ukumbuke na kile kijambo chetu." Kodi haikutajwa. Kiasi hakikutajwa. Tarehe ndiyo kabisa!

"Shangazi, hizi ni salamu!"

"Niliona aibu kutaja hela."

Nilitaka kuwaka, nikajikuta nacheka. Yeye hakucheka. Alifungua mkoba akatoa barua aliyoandikiwa na benki wiki ile. "Sasa hii mbona imenitoa jasho, na haina tusi hata moja?"

Tukaisoma wote wawili. Ilimwita mheshimiwa, ikataja miezi, kiasi, siku ya mwisho, kitakachofuata, na dirisha la kwenda kama ana shida. Basi.

Tukakaa mezani na kalamu moja, tukagombana neno kwa neno. Yeye alitaka "samahani kwa usumbufu". Nikafuta, usumbufu wa nani? Mimi nikaandika "ukaidi wako", akafuta yeye. "Una hakika ni ukaidi? Andika hajalipa. Hilo tunalijua." Kufuli pia akalikata, maana ukimfungia mpangaji nje bila amri ya baraza la nyumba, unashtakiwa wewe. Nami "ukijaliwa" nikaipiga mstari mpaka karatasi ikachanika.

Ikatoka hivi:

"Ndugu mpangaji, hili ni onyo la mwisho kuhusu kodi ya miezi mitatu ambayo hujalipa. Tulikukumbusha mara mbili, ingawa hatukutaja kiasi. Sasa kimeandikwa hapa chini, mwezi kwa mwezi. Tunakuomba ulipe chote ndani ya siku kumi na nne tangu kupokea barua hii. Kama huwezi kulipa kwa mkupuo, njoo kabla ya siku hizo kwisha tukubaliane kwa maandishi. Usipolipa wala kuja, tutafungua shauri kwenye baraza la nyumba kuomba amri ya wewe kuondoka. Tungependa tulimalize hapa nyumbani."

Sentensi ya mwisho ni ya shangazi. Niliiacha kwa sababu haikumwongezea mtu hata siku moja.

Nilimpelekea mwenyewe, nakala mbili. Fundi akasaini ya kwetu na kuandika tarehe. Siku ya tano kimya, ya tisa kimya. Shangazi alikonda. Nilijilaumu kwamba tumembembeleza mno, na kusema kweli niliogopa.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, fundi akabisha hodi na mkewe. Akaweka mezani kodi ya miezi miwili taslimu. Ya tatu akaomba ailipe kwa awamu mbili. Tukaandika tarehe zote mbili, tukasaini wote, nikamkatia risiti. Rejesho la benki lilikuwa limetimia na chenji juu. Shangazi alishika meza kwa mikono miwili kama aliyeshuka kwenye gari bovu.

"Niwaambie ukweli," fundi akasema. "Hela hizi ninazo tangu wiki iliyopita. Na pikapu nilishaikodi. Mama watoto alikwisha kufunga mizigo, tuhame Jumapili mkiwa kwenye ibada, tusionekane tena."

Shangazi akaguna. Mimi nikahisi damu inapanda. "Sasa mbona hukuhama?"

Akamtazama mkewe kwanza.

"Kila anayenidai ananiambia nitakiona cha moto. Nyinyi mmeniambia nije."

Shangazi akaanza kulia, analia na kucheka, na mke wa fundi akamshika bega. Mimi na domo langu lote, nikaenda kuwachemshia chai.