Saa Nne ya Ijumaa

"Mara thelathini na nane, Kasim. Si moja, si mbili. Nani anakosea mlango mara thelathini na nane?"

"Madamu, mimi sijagusa jina lako."

"Kwa hiyo kompyuta ilijigusa yenyewe?"

"Muulize aliyeandika hiyo karatasi."

Macho yote yakamgeukia Sifuna. Alikuwa amesimama karibu na birika, kikombe mkononi.

Kila Jumatatu mambo yalikuwa hivyo hivyo pale kwenye ofisi ya vifurushi, jijini Kampala, chini kidogo ya Nakivubo. Wakati wa chai Madamu Nelima anasimama na karatasi ya seva, anaisoma kwa sauti mbele ya wote, wapagazi wakiwemo, kama matangazo ya kanisani. Ni majina ya waliojaribu kuingia kwenye seva wiki nzima wakashindwa. Halafu karatasi inatundikwa kwenye msumari pembeni ya kalenda. Kampuni yenyewe ina watu tisa na hakuna hata mmoja aliyesomea ulinzi wa kompyuta. Fundi Guerschom, Mkongo aliyewawekea ile seva, kompyuta kuu ya ofisi, aliwapa dawa moja tu: kila Jumatatu alfajiri seva itoe muhtasari yenyewe, na mtu mmoja ausome.

Mtu mmoja huyo akawa Sifuna. Shule aliiacha kidato cha pili, lakini alikuwa amefungua simu nyingi za watu akazifunga zikawaka, na hiyo ilitosha kumpa cheo.

Muhtasari kwa kawaida ulikuwa takataka. Watu wa nje, huko duniani, wanabisha kwa majina ya kubahatisha, admin, root, test, mara elfu mbili, elfu tatu. Ofisi yao ya Busia, mpakani, inaingia kwa intaneti, kwa hiyo mlango lazima uonekane nje. Guerschom aliwaambia wasiogope hao, ni kama mbu: wakikosea mara tano seva inawafungia. "Ila mkiona anayebisha yuko ndani ya nyumba," alisema, "hapo muamke." Maana wa ndani hawafungiwi. Mwanzoni walifungiwa, lakini Madamu alikuwa anakosea paswodi yake kila asubuhi na kubaki nje ya ofisi yake mwenyewe, akaamuru ile kufuli itolewe.

Sasa wa ndani alikuwa amebisha. Jina: nelima. Mara thelathini na nane. Anwani: ile inayoishia na 23, kompyuta ya kaunta, na kila mtu alijua kaunta ni ya Kasim. Siku: Ijumaa, kuanzia 10:02. Na kwa sababu Madamu hapendi saa za kizungu, Sifuna alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu, kama kila wiki: saa nne na dakika mbili, asubuhi.

Saa nne Ijumaa ndiyo saa ya lori la Busia. Wote wanakuwa uani wanashusha mizigo. Anayebaki kaunta ni Kasim peke yake.

Mnubi huyo alikuwa na miaka kumi na mmoja pale, mtu wa maneno machache, shati limepigwa pasi mpaka kola inasimama. Lakini mdomo wa Madamu ukishafunguka haurudi nyuma. Alimwambia mbele ya wapagazi kwamba amefuga nyoka kwenye kaunta, kwamba ndani ya jina lake yeye Madamu mna orodha ya wateja wote na namba zao, na kwamba kabla ya chakula cha mchana anataka funguo mezani. Wamalwa, kaka yake Madamu, alikuwa ameegemea mlango akichokonoa meno kwa kijiti. Alitikisa kichwa kwa huzuni.

"Watu hawa," alisema. "Unawalisha, wanakuhesabia vijiko."

Kasim hakumjibu. Alitoka akakaa kwenye benchi la nje.

Sifuna alirudi kwenye chumba cha seva, ambacho zamani kilikuwa stoo ya mifagio. Kusema kweli naye alimshuku Kasim. Kimya kile hakikumpendeza. Mtu msafi hupiga kelele, aliwaza, akasahau kwamba yeye mwenyewe aliwahi kupigwa shuleni kwa kosa la mwenzake na hakufungua mdomo. Akasema ngoja nimtafute vizuri, nisije nikasemwa nilimfukuzisha mtu kwa mstari mmoja. Muhtasari ulionyesha walioshindwa tu. Ndivyo yeye mwenyewe alivyoutengeneza, ili karatasi isiwe ndefu. Waliofaulu wamo kwenye rekodi kamili ndani ya seva, na huko hakuna anayeangalia.

Akafungua rekodi ya Ijumaa, akatafuta jina la Kasim. Likatokea moja: kasim, amekubaliwa, kaunta, 05:01.

Sifuna akasogea karibu na kioo cha kompyuta. Saa kumi na moja alfajiri? Ofisi inafunguliwa saa mbili, na ufunguo wa geti analala nao Madamu. Kumbe huyu ana ufunguo wake. Akatazama Alhamisi: 05:03. Jumatano: 04:58. Wiki nzima mtu anaingia gizani! Sifuna alisimama, tayari kwenda kumwita Madamu, na jicho lake likaanguka kwenye mstari ulio chini ya ule wa Ijumaa.

sifuna, amekubaliwa, 05:09.

Alikaa tena. Saa kumi na moja na dakika tisa Ijumaa yeye alikuwa kwake Kawempe, amelala fofofo, jogoo wa jirani anamtukana dirishani. Hiyo ana uhakika nayo kama jina lake.

Alijaribu kuingia upya kwenye seva, makusudi, kwa paswodi ya uongo. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika kumi. Mstari mpya ukaja: sifuna, ameshindwa, 08:10.

Masaa matatu. Seva ilikuwa nyuma kwa masaa matatu kamili. Guerschom aliiacha na saa iliyotoka nayo kiwandani, ile saa ya dunia inayohesabiwa kutoka Uingereza, na hakuna aliyewahi kuigeuza iwe ya Kampala. Kwa miezi minane Sifuna amekuwa akiandika pembeni saa za uongo, kwa mwandiko mzuri.

Basi 10:02 haikuwa saa nne. Ilikuwa saa saba na dakika mbili mchana.

Ijumaa saa saba mchana Kasim yuko msikitini Kibuli. Anatoka saa sita na nusu, anapanda boda, anarudi saa nane na robo, na kwa miaka kumi na mmoja hajawahi kukosa. Na anayekaa kaunta badala yake kila Ijumaa ni Wamalwa.

Sifuna aliirudia rekodi ya Ijumaa. Bado swali moja lilimkera: kwa nini aliyebisha aliacha? Mwizi haachi mlango kwa sababu amechoka. Akateremka mpaka 10:21. Hakuacha. Alifunguliwa. nelima, amekubaliwa, kaunta. Na ametoka 11:03, dakika arobaini na mbili baadaye. Mstari huo ulikuwepo tangu Ijumaa. Ni yeye Sifuna aliyeuficha ili karatasi isiwe ndefu.

Madamu alimsikiliza akiwa amekunja uso. Alipomaliza, hakushukuru.

"Asubuhi ilikuwa saa nne, sasa imekuwa saa saba. Hiyo saa yako inalipwa na nani?"

"Hakuna anayenilipa, Madamu. Nilikosea mimi."

"Au umekaa na Kasim hapo nje mkapanga?"

Sifuna alimwomba aje aandike paswodi yake vibaya mara moja tu. Alikuja kwa shingo upande. Akaandika, akakosea, hata hakulazimika kujitahidi. Wakatazama kioo pamoja, halafu saa ya ukutani, halafu kioo. Madamu alirudia mara ya pili, kama mtu anayemjaribu muuza mizani.

"Nani alikaa kaunta Ijumaa saa saba?" akauliza, ingawa yeye ndiye anayepanga zamu.

Sifuna akaangalia kibodi. Hiyo haikuwa kazi yake kusema.

"Wamalwa hajui paswodi yangu."

"Hakuijua mara thelathini na nane. Ya thelathini na tisa aliijua. Madamu, sitaki kuisikia, lakini paswodi ni kitu cha aina gani? Ni kitu ambacho Kasim angekibahatisha?"

Madamu akautazama tena mstari wa 10:21. Akavuta kiti cha plastiki, akakaa polepole.

"Ni jina la mama yetu," akasema. "Lile la nyumbani. Hata kanisani hawalijui."

Uani, Wamalwa alikuwa anacheka na wapagazi. Wote pale walijua anataka kufungua ofisi yake ya vifurushi Kawempe, na walijua Madamu amemnyima namba za wateja mara mbili. Kicheko chake kilipita ukutani kikawafikia pale walipokaa.

Mwishowe Madamu alisema paswodi zote zibadilishwe leo, na saa ya seva irekebishwe, na Sifuna aache kuandika pembeni. Karatasi ya asubuhi aliitoa kwenye msumari, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba. Ya Wamalwa, alisema, ni mambo ya nyumbani. Atazungumza naye nyumbani.

Akamwita Kasim ndani.

"Rudi kaunta, baba," akamwambia, na sauti yake ilikuwa laini kuliko siku zote. "Ni saa ilikosea. Tusahau."

Kasim alibaki amesimama. Funguo za kaunta zilikuwa bado mkononi mwake.

"Saa ilikosea," akarudia. "Na nani aligusa jina lako?"

"Nimesema tusahau."

"Asubuhi ulinisoma mbele ya watu, Madamu. Na wapagazi. Kijana hapa ana karatasi ya sawa?"

Sifuna alikuwa ameshaichapisha, saa zimerekebishwa, na ule mstari wa aliyekubaliwa umo. Akaitoa. Hakumtazama Madamu.

"Isome hiyo nayo," Kasim akasema. "Kwa chai, kwa sauti ile ile, halafu itundikwe. Saa saba. Na nani alikuwa amekaa hapo. Nikisikia, nakaa kaunta mpaka jioni na hatutaitaja tena."

Madamu aliishika karatasi. Wamalwa alikuwa ameingia mlangoni na kijiti chake mdomoni, na mara hii hakuchokonoa meno. Madamu alimwangalia kaka yake, akaiangalia karatasi, akamwangalia Kasim. Akapitisha kidole kwenye mstari wa mwisho. Halafu akaikunja ile nayo mara nne.

Kasim alingoja mpaka mkunjo wa mwisho. Akaziweka funguo juu ya kaunta, taratibu, zisilie. Akanyoosha kola ya shati, akageuka, akaondoka.