Pampu Juu ya Paa

Mwalimu wa mabomba, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Presha kwa hasira zake, alifika kwenye paa la bweni akihema. Wanafunzi wake wa uhandisi walimfuata nyuma. Pampu mpya ilinguruma na kuchemka, lakini bombani halikutoka hata tone. Tangi la maji lilikuwa chini kabisa, mita kumi na nne kutoka pale paani.

“Tutanunua kubwa zaidi,” alisema mkuu wa chuo, aliyekuwa akiwasubiri pale. “Huku juu wezi hawaifikii.”

Presha akaizima pampu, akamgeuzia mkuu mgongo.

“Nani kawaambia pampu inavuta maji?” aliwauliza wanafunzi. “Pampu inapunguza presha ndani ya bomba, basi. Kinachoyapandisha maji ni hewa inayoyakandamiza kule tangini, na nguvu za hewa zinaishia mita kumi. Ukitoa zinazopotea kwa msuguano wa bomba na kona zake zote, hata nane hufiki vizuri. Leteni pampu kubwa kama basi, itanguruma bure vilevile. Ishusheni kando ya tangi isukume kutoka chini. Hapo ndipo nguvu zake zitakuwa na maana.”

Mkuu alikunja uso. “Sasa Mzee, mbona hukuniambia mapema?”

“Nilikwambia, ulipokuwa mwanafunzi wangu. Ulikaa dawati la nyuma, unacheka na wenzako.”

Wanafunzi wakaangua kicheko.

Presha akawageukia, spana mkononi. “Nyinyi mnacheka nini? Na yeye alikuwa anacheka hivyohivyo.”