Alama ya Bluu ya Fortunat

Katika redio ndogo ya mtaa wa Mikelenge, mjini Kindu, Fortunat peke yake ndiye aliyekuwa na alama ya bluu ya uthibitisho kwenye mtandao wa X. Na yeye peke yake ndiye aliyejua ilikotoka.

Mwaka 2021, mtandao huo ulipokuwa bado unaitwa Twitter, aliiomba bure. Wakati ule wenye mtandao walichunguza: walitaka uthibitisho kwamba wewe ndiye wewe, na habari zenye jina lako zilizotoka karibuni katika vyombo vinavyojulikana. Habari za Fortunat zilisikika hewani zikapotea, hazikuandikwa popote. Wakamkatalia. Miaka miwili baadaye mambo yakageuka: waliopewa bure walinyang'anywa, alama ikawa ya kulipia kila mwezi. Sasa alihitaji akaunti isiyo mpya, picha, namba ya simu iliyothibitishwa, na kadi ya benki ya binamu yake Axel aliyekuwa Kinshasa. Hakuna aliyemwuliza kama kweli ni mwandishi wa habari. Alama ikatokea.

"Walikupa namna gani?" aliuliza Mama Élisabeth, mkurugenzi wa redio.

"Walichunguza kazi yangu, Mama."

Mama Élisabeth alifurahi. Tangu siku hiyo akamwachia habari za asubuhi.

Ikaja Februari 2025. Goma ilikuwa imeanguka mikononi mwa waasi, kisha Bukavu, na Kindu yote ilikuwa na wasiwasi. Asubuhi moja Fortunat akapokea foto kwa simu: kamio, lori kubwa, imejaa magunia, namba yake inaonekana wazi. Chini yake maneno: kamio ya Muhindo, inapelekea waasi chakula. Muhindo alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, upande wa vita, mwenye depo ya kuhifadhia mchele karibu na soko. Fortunat alikuwa na namba yake ya simu. Hakumpigia. Aliogopa mwingine asije akamtangulia. Akaiweka ile foto kwenye X, na jina la Muhindo.

Watu wakaisambaza kutoka simu hadi simu. "Si maneno ya barabarani," waliambiana. "Angalia alama. Huyu wamemuhakikisha."

Kabla ya saa sita mchana kundi la watu lilivunja milango ya depo. Magunia yalitolewa yakiwa mabegani mwa watu. Odette, mke wa Muhindo, alijaribu kufunga dirisha, jiwe likampiga mkono, mfupa ukavunjika.

Polisi walipofuata habari, ukweli ulionekana upesi. Foto ilikuwa ya mwaka uliopita. Kamio ilikuwa imesimama mbele ya mashine ya kukoboa mpunga kule Kibombo, kusini mwa Kindu.

Mama Élisabeth alimwita ofisini. Hakupaza sauti. Simu ilikuwa mezani, ukurasa wa Fortunat umefunguliwa. Akagusa ile alama kwa kidole, tarehe ikatokea.

"Hapa wanaandika Novemba 2023. Alama za bure ziliondolewa Aprili mwaka huo. Sasa hii ya kwako njo gani, ya bure au ya kulipia?"

Fortunat alitazama sakafu. "Nililipa, Mama."

"Kulipa si dhambi. Wengi wanalipa. Lakini uliniambia walichunguza kazi yako, na mimi nikawaambia wasikilizaji hivyo hivyo." Akaisukuma simu mbele yake. "Ile ya zamani ilisema huyu muntu njo yeye kweli, hata kama anaweza kukosea. Hii yako inasema nini?"

"Inasema kwamba niko na namba ya simu, na kwamba ninalipa."

Alisikia sauti yake mwenyewe ikisema hivyo, akaona haya.

Jioni hiyo aliomba kipaza sauti. Aliwaambia wasikilizaji kwamba foto ilikuwa ya zamani, kwamba Muhindo hakufanya kosa lolote, na kwamba alama yake ilinunuliwa. Kisha akaenda kwenye depo ya Muhindo kwa miguu. Akawakuta Muhindo na mkewe wakifagia mchele uliomwagika kizingitini. Odette alishika ufagio kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umefungwa plasta.

"Papa Muhindo, nimekuja kuomba musamaha."

"Nimekusikia kwa redio," alisema Muhindo bila kuinua kichwa. "Lakini wale waliovunja hapa hawasikilizi redio yenu. Walisoma simu."

"Nimefuta ile foto. Nimeandika ukweli pale pale."

"Na namba yangu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo, Papa."

Muhindo akatikisa kichwa. Odette aliendelea kufagia, na Fortunat akasogea pembeni ili asimkanyagie mchele.

Kwa ombi la Fortunat, Axel aliacha kulipa siku ile ile. Lakini mwezi ulikuwa umekwisha kulipiwa, na alama ingebaki mpaka uishe. Fortunat aliandika kwenye ukurasa wake: "Alama hii nililipia. Haithibitishi ninayoandika." Hata hivyo, kesho yake sokoni mzee mmoja asiyemfahamu alimpa mkono kwa heshima, akamwita mwandishi mukubwa, yule waliyemuhakikisha. Fortunat alisimama akamweleza kila kitu toka mwanzo, pale mbele ya watu, na alipomaliza yule mzee alikuwa amekwisha kuachilia mkono wake.